Akisema "nibebe"

Jamani, nusura gemu itugombanishe nyumbani. Mimi nacheza tangu nina miaka saba. Mume wangu alikuwa hajawahi hata kushika kontrola. Nikamwekea It Takes Two, maana ile haichezeki bila watu wawili. Dakika kumi nzima mtu wake anatazama dari au anagonga ukuta. "Endelea tu wewe," akasema, akaiweka kontrola mezani.

Kosa lilikuwa langu. Mle kila mchezaji anaongoza kamera yake: kijiti cha kushoto unatembea, cha kulia unageuza macho. Sisi tuliozoea hatufikirii tena. Mgeni anajifunza yote mawili pamoja, na hapo hapo anatakiwa kuruka.

Wiki iliyofuata tukahamia Unravel Two, yenye vijitu viwili vya uzi vilivyofungwa pamoja. Unaviona kwa ubavu na kamera inajiendesha yenyewe, kwa hiyo alibaki na kijiti kimoja na vitufe vichache. Akikwama, anapanda mgongoni kwangu, namvusha, anashuka.

Lakini hapo pana mtego. Nilimbeba mara tatu bila kuombwa, nikamwona ameacha kubonyeza, anatazama tu kama sinema. Sasa tuna sharti: mwenye kukwama ndiye anayesema "nibebe". Kabla ya hapo nangoja, hata akianguka mara kumi.

Juzi nilianguka mimi, mara nne mfululizo. Yeye keshavuka. Akanigeukia, "Bibie, nikubebe?"