Komenti Siyo Oda

Jumapili moja muhula uliopita niliamka na wadada wawili mlangoni kwangu hosteli. Wote walikuja kuchukua gauni moja la maua, na wote walikuwa wamelipa. Mmoja alikuwa na muamala wa saa tatu usiku, mwingine wa saa tatu na dakika nne. Gauni lilikuwa moja tu, maana mitumba ya Karume haina pea ya pili. Nikamrudishia mmoja hela yake na makato nikayabeba mimi, halafu akaondoka akinisema koridoni kwa sauti ya kutosha.

Kila nikiongea na wenzangu wanaouza laivu hapa chuoni, na tuko wengi kuliko mnavyodhani, nasikia lawama ileile: wateja wasumbufu. Anakomenti mara tatu, anahamia inboksi, kesho anakana. Mimi sikubaliani nao. Mteja wa laivu anafanya kinachoeleweka kabisa kwa mahali alipo. Anayevuruga ni muuzaji anayechukulia kila komenti kuwa oda.

Angalia kwanza kinachotokea kwenye simu. Picha ya laivu haimfikii mtazamaji papo hapo, inachelewa sekunde kadhaa, na mwenye bando la kuungaunga inachelewa zaidi. Mimi nimeshika blauzi ya kijani, yeye bado anaona ya bluu niliyoiweka chini. Anaandika "nataka hiyo dada". Mimi naisoma nikiwa na ya kijani mkononi, namwandikia ya kijani. Hapo hakuna mkosaji, lakini kosa limeshaingia daftarini. Halafu komenti zinapanda juu na kupotea. Akiona ya kwake imepita bila kutajwa, atafanya nini? Ataandika tena, kisha ataingia inboksi, na kama ana namba yangu atanifuata WhatsApp. Oda moja imepita milango mitatu.

Usiku ule wa gauni la maua nilionyesha nguo 34. Asubuhi daftari lilikuwa na oda 38, na kitandani zilikuwa zimebaki nguo tisa. Hesabu hiyo hata mtu wa fasihi kama mimi inamshtua. Nguo 25 ndizo zilizochukuliwa, kwa hiyo mistari 13 ilikuwa hewa. Nilipoipitia, minane ilikuwa watu walewale walioandikwa mara mbili, na mitano ilikuwa watu wawili kwenye nguo moja. Mbaya zaidi, kati ya zile tisa za kitandani, mbili zilikuwa na mwenyewe. Alikomenti mapema kabisa nikiwa nacheka na mtu mwingine, na alikuwa na picha ya skrini kunithibitishia.

Nilikaa na rumumeti wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaandika, tukagundua tatizo lilikuwa mpangilio wa daftari. Tulikuwa tunaandika kwa mteja: jina, kisha anachotaka, kadiri komenti zinavyokuja. Daftari la hivyo haliwezi kukataa kitu. Unaongeza mstari tu, na mstari wa 31 haujui kwamba wa 12 unasema jambo lilelile.

Sasa tunaandika kwa nguo. Kabla ya laivu kila nguo inabandikwa namba kwa karatasi na pini, namba kubwa inayosomeka kwenye simu. Daftari linachorwa mapema, mstari mmoja kwa kila namba, wenye nafasi ya mwenyewe na nafasi ya mmoja wa akiba. Kama nina kitu cha aina moja, mfano soksi pea sita, zinapata mistari sita. Wakati wa laivu mteja anaandika namba tu. Akichelewa kuona, haidhuru, 17 ni 17 hata kama mimi nimefika 20. Akirudia mara nne au akihamia inboksi, rumumeti anafungua mstari wa 17, anakuta jina lake limeshakaa, haandiki kitu. Anayefuata anaingia akiba, na wa tatu anaambiwa palepale kwamba imeisha. Mimi natamka kwa sauti: "Kumi na saba imechukuliwa, akiba ipo." Kutamka huko kunapunguza komenti za kurudia kuliko maombi yoyote.

Sharti moja: anayeandika ni mmoja. Ukishika kalamu na wewe unayeonyesha, mnarudi kulekule.

Laivu ikiisha hatulali kwanza. Tunarekodi skrini muda wote, kwa hiyo tunarudisha rekodi na kusoma komenti zilizotupita. Kisha tunahesabu. Juzi tulionyesha nguo 40, mistari yenye majina ikawa 27. Kitandani zinatakiwa 13. Tukakuta 14, maana yake kuna iliyouzwa ambayo haijaingia mfukoni, na tukaipata chini ya mto. Zingekuwa 12, tungejua kuna mfuko wenye nguo isiyo ya kwake. Dakika kumi zinatosha, na ni nafuu kuliko kufukuzana na bodaboda kesho yake.

Upande wa malipo ndiko bado kunaniumiza kichwa. Jina la akaunti ni moja, jina la kwenye laini ni la shangazi yake, na nguo sita zina bei moja ya 12,000. Kwa hiyo kila anayelipa ananitumia namba ya nguo pamoja na namba ya muamala. Naitafuta kwenye meseji zangu mwenyewe, siyo kwenye picha aliyonitumia, kisha naiandika kwenye mstari wa nguo ile. Namba moja ya muamala haikai mistari miwili, isipokuwa kama kiasi kinatosha nguo zote mbili.

Na kuna muda. Mwenyewe ana hadi saa sita mchana, baada ya hapo ni zamu ya akiba. Wiki iliyopita mwenye 17 hakulipa, nikampa wa akiba, akalipa saa sita na nusu. Saa saba yule wa kwanza akatuma hela na maelezo marefu kuhusu tesiti. Nilimrudishia yote, makato juu yangu. Kuna wanaoniambia ningemhurumia. Nikimhurumia yeye, aliyelipa kwa utaratibu namweka wapi?

Najua mtasema kwa nini nisiweke fomu ya mtandaoni watu wajaze. Nilijaribu. Mtu akitoka kwenye laivu kwenda kujaza fomu, nusu hawarudi, na raha ya laivu ni kuwahi mbele ya watu. Ufilipino wanunuzi huandika neno "mine" na Thailand huandika "CF" pamoja na namba ya bidhaa, na biashara inakwenda. Komenti inafaa kabisa kwa kuwahi, ila haifai kuwa daftari.

Daftari langu nalo lina mwisho wake. Nilipojaribu kurusha laivu kwenye mitandao miwili kwa wakati mmoja, nilishindwa kujua nani kawahi, kwa sababu kila mtandao unachelewa kivyake na komenti ziko kwenye simu mbili tofauti. Watu wawili waliandika 9, kila mmoja kwenye mtandao wake, na wote wawili walikuwa wa kwanza. Tangu hapo narusha mmoja tu. Wa mtandao mwingine nawawekea tangazo la saa ya kuanza, wanaotaka wanahamia.