Mashine ya kahawa inayosaga na kupika yenyewe: kabla hujalipa, jiulize nani ataifungua

Vikundi kadhaa vya vijana na akina mama, kuanzia Kahama hadi Katoro, wameniuliza swali moja. Wanataka kuuza kahawa ya kikombe stendi, minadani na karibu na machimbo. Wameona mashine ya otomatiki: juu unamimina punje za kahawa iliyokaangwa, pembeni unajaza maji, unabonyeza kitufe, na kikombe kinajaa. Je, wainunue hiyo, au wanunue mashine ya kusagia peke yake na ya kupikia peke yake?

Maoni yangu ni haya: kwa biashara ndogo ya huku kwetu, nunua viwili tofauti. Ile ya otomatiki si mbovu, na kahawa yake ni nzuri. Lakini siku ikigoma, ni nani ataifungua, na utakaa bila kuuza kwa muda gani?

Kwanza tuangalie kilichomo ndani yake. Ukibonyeza kitufe, meno ya kusagia yanasaga gramu nane hadi kumi za kahawa. Unga unadondokea kwenye kitengo cha kupikia, ambacho ni kama silinda ndogo yenye pistoni. Pistoni inaukandamiza unga, pampu inasukuma maji ya moto kwa nguvu kupita katikati yake, kahawa inatoka, kisha machicha yanatupwa kwenye kisanduku. Kazi yote hiyo inaongozwa na bodi ya umeme inayopokea taarifa kutoka kwa vihisio kadhaa. Kihisio kimoja kikisema hapana, mashine nzima inasimama. Meno ya kusagia yakikwama, huwezi kupika kwa punje hata kama upande wa kupikia ni mzima.

Sasa tuone mambo matatu yanayoziua mashine hizi katika ukanda wetu.

La kwanza ni maji. Anayetumia maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria, yale yanayoletwa Shinyanga na Kahama na mradi wa KASHWASA, ana nafuu, kwa sababu maji ya ziwa ni laini. Anayetumia maji ya kisima awe macho. Chukua sufuria safi, chemsha lita moja ya maji yako hadi yakaribie kukauka, kisha tazama chini. Ukiona ukoko mweupe mgumu, ukoko huo huo utajijenga ndani ya mashine. Kwenye birika unauona na kuukwangua. Kwenye mashine ya otomatiki unajenga ndani ya vijia vyembamba usivyoviona. Dalili zake ni kikombe kuchukua muda mrefu kujaa, kahawa kutoka vuguvugu, na pampu kuunguruma kuliko zamani.

Wengi huniambia, "Lakini mashine ina taa ya kukumbusha kusafisha ukoko." Ni kweli, ila elewa inavyofanya kazi. Katika mashine nyingi taa hiyo haipimi ukoko. Inahesabu maji yaliyopita, kisha inalinganisha na kiwango cha ugumu wa maji ulichoweka mwenyewe siku ya kwanza. Kama hukuweka, au uliweka maji laini huku unatumia ya kisima, taa itawaka ukoko ukiwa umeshajaa.

La pili ni umeme. Ukikatika katikati ya kikombe, pistoni inabaki pale ilipofika. Katika hali hiyo kitengo cha kupikia hakitoki, na ukikivuta kwa nguvu unavunja meno ya plastiki. Subiri umeme urudi, washa mashine, iache ijirudishe mahali pake, ndipo ukitoe. Umeme ukirudi kwa kishindo, kinachoungua mara nyingi ni bodi, na bodi ndiyo spea ya bei kubwa na isiyopatikana madukani kwetu. Stabilaiza inasaidia, lakini hakikisha uwezo wake unazidi wati za mashine. Nyingi huvuta karibu wati 1,500 zikichemsha, kwa hiyo stabilaiza ndogo ya televisheni haitoshi.

La tatu ni mawe. Sehemu kubwa ya robusta ya Kagera hukaushwa na maganda yake, na kwa baadhi ya wakulima hukaushwa chini. Ukinunua kahawa iliyokaangwa mtaani bila kupitia kiwandani, changarawe zinaweza kuwemo. Kijiwe kimoja kikiingia kwenye meno ya kusagia utasikia mlio mkali, kisha kimya. Kwenye mashine ya kusagia ya peke yake unachomoa waya, unamwaga punje, unafungua meno ya juu kwa mkono, unatoa kijiwe, unapiga brashi na kurudisha. Ni kazi ya dakika kumi. Katika mashine nyingi za otomatiki, ili kuyafikia meno vizuri lazima uvue kifuniko cha nje, na hapo ndipo skrubu hubaki mkononi. Iwe unatumia mashine gani, mwaga punje kwenye ungo uchambue kama unavyochambua mchele.

Tufanye hesabu ya kikundi kimoja cha vijana watano huku Geita. Waliletewa mashine ya otomatiki iliyotumika kwa shilingi 2,200,000. Tukaorodhesha upande wa pili kwa bei walizopewa dukani: mashine ya kusagia ya umeme yenye meno ya chuma 450,000, mashine mbili za kuchuja kwa karatasi 500,000, moja ya kazi na moja ya akiba, chupa mbili kubwa za chai 80,000, stabilaiza 120,000. Jumla ni 1,150,000. Wamebaki na zaidi ya milioni moja ya kununulia kahawa, sukari na vikombe.

Matumizi ya kahawa yenyewe hayatofautiani sana. Ukichuja, gramu 60 kwa lita moja ya maji zinatosha. Machicha yanabaki na maji kidogo, hivyo unapata vikombe karibu sita vya mililita 150. Kilo moja inakupa vikombe karibu mia. Ya otomatiki, kwa gramu nane hadi kumi kwa kikombe, inakupa mia hadi mia na ishirini na tano, lakini vikombe vyake kwa kawaida ni vidogo.

Tofauti iko kwenye siku za kusimama. Tuseme wanauza vikombe 60 kwa siku, na kila kikombe kinaacha shilingi 500 baada ya gharama. Hiyo ni 30,000 kwa siku. Mashine ya otomatiki ikisimama wiki tatu kusubiri spea kutoka Dar es Salaam, kwa siku sita za kazi kwa wiki wamepoteza 540,000. Kwa fedha hiyo wangenunua mashine nyingine ya kusagia na chenji ikabaki. Na fundi bado hajalipwa.

Kwenye vifaa viwili tofauti, kimoja kikifa kingine kinaendelea. Kisagio kikigoma, unanunua kahawa iliyosagwa tayari na unaendelea kuuza siku hiyo hiyo. Mashine ya kuchuja ikifa, unachemsha maji kwenye gesi na kuchuja kwa kitambaa safi. Tena mashine ya kuchuja haina mengi: koili, themostati, mpira wa maji na swichi. Fundi anayetengeneza pasi na birika za umeme pale sokoni anaijua. Hata mzee wa dele anafanya hivyo hivyo: anasaga kwanza, anapika baadaye, na jiko likizimika anakoleza mkaa tu.

Usidhani vifaa viwili havitaki matunzo. Kila jioni toa machicha, osha kikapu cha chujio na jagi kwa sabuni, kausha. Kila wiki fungua meno ya kusagia uyapige brashi kavu, usitumie maji, kwa sababu mafuta ya kahawa yanaganda na kuchacha, na mteja ataionja harufu hiyo. Kila mwezi, kama maji ni ya kisima, weka vijiko viwili vya chakula vya unga wa asidi ya sitriki kwenye lita moja ya maji. Washa mashine ya kuchuja hadi nusu ipite, zima dakika ishirini, malizia, kisha pitisha maji matupu mara mbili.

Sasa nitende haki kwa upande wa pili. Mashine ya otomatiki inafaa ofisini au kwenye kambi ya mgodi, mahali ambapo watu wengi tofauti wanajihudumia na hakuna mpikaji maalumu. Inakupa kikombe kinachofanana asubuhi na jioni. Lakini inafaa pale penye mkataba wa matengenezo na kampuni yenye spea, ambayo ikichukua mashine yako inakuachia nyingine. Vilevile tofautisha ya nyumbani na ya biashara. Ya nyumbani ina tangi la lita mbili hivi na kisanduku cha machicha cha vikombe kumi na kitu. Kwa vikombe 60 utakuwa unajaza na kumwaga mchana kutwa, na umeifanyisha kazi ambayo haikuundiwa.

Muwe waangalifu zaidi ninyi mnaotegemea mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini marejesho yana tarehe. Tarehe hiyo haijui kwamba bodi ya mashine iko njiani.

Kama bado unaitaka ya otomatiki, usilipe kabla muuzaji hajafanya mambo manne mbele yako. Apike vikombe vitano mfululizo, utazame kama kila kimoja kinajaa sawa na ni cha moto. Atoe kitengo cha kupikia na kukirudisha, uangalie oringi zake, yaani zile pete za mpira: zisiwe zimepasuka wala kukauka. Avute trei ya chini: ikiwa na maji mengi baada ya vikombe hivyo vitano na machicha yamelowa tope, oringi zinavujisha. Mwisho, akutajie fundi aliyepo Mwanza, Geita au Kahama, na umpigie simu hapo hapo umuulize kama ana oringi na pampu ya mashine hiyo. Fundi akisema ataagiza, weka fedha yako mfukoni uende kwenye duka la visagio.