Wakisema “Masisi”, ni Masisi ipi?

Habari ikisema “mapigano Masisi”, wengi huanza kupiga simu kwa ndugu. Lakini Masisi ni wilaya nzima ya Kivu Kaskazini, na pia ni mji mdogo ulio ndani yake, unaoitwa Masisi Senta. Kabla ya kuamini jina, angalia maelezo mengine ya habari kwenye ramani.

Tuseme taarifa inasema: “mji wa Masisi karibu na Ziwa Kivu, kama kilomita 25 magharibi ya Goma.” Ukifungua ramani utaona Masisi Senta iko milimani, mbali na ziwa, na kwa barabara kutoka Goma ni kama kilomita 80. Hiyo iondoe. Minova iko kando ya ziwa, na ukipima kwa mstari ulionyooka si mbali na Goma. Lakini Minova iko Kalehe, Kivu Kusini, si Masisi. Unabaki na Sake, mji wa wilaya ya Masisi kwenye ncha ya ziwa, ambapo barabara ya Goma inagawanyika kwenda Masisi Senta na Minova.

Jihadhari na kilomita. Waandishi wengine hupima barabara, wengine mstari ulionyooka. Kwa Masisi Senta tofauti inapita kilomita 20. Na kama taarifa imetaja “Masisi” tu, bila ziwa, barabara wala umbali, ramani haiwezi kukujibu. Usimwambie jirani kwamba ni kijiji chao.