Kompyuta Thelathini, Anwani Moja

Kengele ya kipindi cha tatu imelia. Ubaoni mwalimu ameandika amri moja tu, `git clone`, na mbele yake anwani ya repo ya somo. Wanafunzi 30 wanabonyeza karibu kwa pamoja. Kompyuta za safu ya mbele zinaanza kuhesabu asilimia, za katikati zinaganda kwenye 4%, na kule nyuma binti mmoja anainua mkono. "Mwalimu, yangu imekataa kabisa." Kwenye kioo chake pameandikwa:

```
The requested URL returned error: 429
```

Habari za namna hii zikifika ofisini kwa mkuu wa shule, jibu huwa tayari: intaneti yetu ndogo, inunuliwe kubwa. Jibu hilo linafaa kupigiwa hesabu kabla ya kulipiwa.

Chukua repo ya megabaiti 150 na laini ya megabiti 10 kwa sekunde. Nakala moja inashuka kwa dakika mbili. Nakala 30 zitaishikilia laini hiyo saa nzima, hata mambo yakienda vizuri, na kipindi ni dakika 40. Shule ikilipia laini ya mara mbili, kukloni kutakula dakika 30 na mwalimu atabakiwa na 10. Tena `git clone` iliyokatika njiani haiendelei pale ilipoishia. Laini ikiyumba kwenye 90%, kompyuta huandika `early EOF`, na mwanafunzi anaanza upya huku wenzake bado wanagombea njia ile ile.

Lakini tatizo la yule binti ni jingine kabisa, na hapa ndipo shule nyingi hutibu ugonjwa usio wao. Laini iliyoelemewa hupeleka data polepole. Asilimia husogea, hata kama ni kwa kujikokota. Namba 429 hutokea papo hapo, kabla hata ya faili la kwanza kushuka, na maana yake ni kwamba seva ya mbali imehesabu maombi ikaona yamezidi. Mwalimu anaweza kuhakikisha kwa kuunganisha kompyuta moja na simu yake: amri ile ile ikipita kwa simu na kukataliwa kwa ruta ya shule, kilichobanwa ni anwani ya shule.

Ruta huzifanya kompyuta zote za maabara zionekane huko nje kwa anwani moja ya IP. Kwa seva, darasa zima ni mtu mmoja anayebisha hodi mara 30 ndani ya dakika. Mei 2025 GitHub ilitangaza kukaza mipaka kwa wasiojitambulisha, wakiwemo wanaokloni kwa HTTPS. Wenye seva wana haki ya kujilinda, maana kuna programu zinazozoa kila kitu usiku kucha. Hata hivyo, kipimo cha anwani humwumiza zaidi anayelazimika kuichangia na wengine, na huyo ndiye mwanafunzi wa shule. Kumwambia kila mtoto afungue akaunti si dawa ya kipindi kimoja: tangu Agosti 2021 GitHub haikubali nywila kwa shughuli za Git, kwa hiyo darasa litatumia muda wote kutengeneza tokeni.

Dawa imo chumbani. Kabla ya kengele, mwalimu anashusha nakala moja na kuigawa kwa swichi iliyopo mezani:

```
git clone --mirror ANWANI /srv/git/somo.git
git daemon --export-all --base-path=/srv/git
```

Ubaoni anaandika `git clone git://192.168.1.10/somo.git`, zile namba zikiwa anwani ya kompyuta yake. Kwa swichi ya megabiti 100, mzigo uliotaka saa nzima unahitaji dakika kama sita, na huko nje hakuna anayehesabu chochote. Wapo wanaopendelea `--depth 1` ili repo iwe nyepesi. Inasaidia laini, ila inakata historia, na somo lenyewe ni kusoma historia kwa `git log`.

Njia hii ina mipaka yake. Seva hiyo haiulizi nywila, kwa hiyo isitoke nje ya maabara. Kwa kawaida haipokei kazi za wanafunzi; hizo zitakusanywa kwa flashi. Na nakala huchakaa: kila asubuhi lazima mtu aingie kwenye folda ya nakala hiyo na kuandika `git remote update`. Mtu huyo leo ni mwalimu mmoja. Akiugua Jumatatu, atakayeshika zamu yake atawaambia wanafunzi wakloni kutoka nje, na 429 itarudi. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya shule iende kwenye kompyuta moja ya kukaa na nakala hizo, na amri zake zibandikwe ukutani juu ya swichi, kwa maandishi yanayosomeka.