Chujio Lisilo na Daftari

Chujio la maneno ni mtumishi asiyejua sarufi. Hupewa orodha ya matusi, hupitia kila andiko linaloletwa, na linapokuta herufi zilizo katika orodha yake, huficha andiko hilo papo hapo. Sina ugomvi na kazi hiyo, kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kukesha akisoma matusi na matangazo ya mikopo ya uongo. Hoja yangu ni moja: kwa Kiswahili, chujio linaloficha bila kuweka kumbukumbu ya lilichoficha, na kwa kanuni ipi, halifai kutumiwa.

Tatizo linaanzia katika maumbo ya maneno yetu. Kanuni inayotafuta neno malaya popote herufi zake zilipo itaficha andiko la jiografia linalotaja milima ya Himalaya. Ikipewa neno fala, itamfungia mlango mwanafunzi wa falaki. Na liko tusi zito, ambalo sitaliandika hapa, lililojificha mwanzoni mwa kumaliza na kumaanisha. Hata mashairi hayasalimiki: kanuni ya kunasa matangazo taka kwa kuhesabu mistari iliyorudiwa italiona shairi lenye kibwagizo kuwa ni tangazo.

Waliozoea Kiingereza hujibu kwamba kanuni itafute neno zima tu. Kwao dawa hiyo husaidia sana. Kwetu huponya ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Neno la Kiswahili huvaa viambishi, na tusi halikusamehewa desturi hiyo. Kanuni inayomjua mpumbavu peke yake itawapisha wapumbavu, upumbavu na kipumbavu. Njia ya kati ni kuandika shina pamoja na viambishi vyake, na kuweka mpaka wa neno pande zote mbili:

```
\b(m|wa|u|ki|vi)pumbavu\b
```

Alama `\b` ndiyo mpaka wa neno. Kanuni kama hii huandikwa na mtu anayezijua ngeli, na hata yeye hatamaliza kazi. Neno shoga, kwa wanawake wa mwambao, ni mwito wa upendo kwa rafiki. Kwingineko hutupwa kama jiwe. Hapo herufi ni zilezile na mipaka ni ileile. Anayeweza kuamua ni msomaji, naye hawezi kuamua juu ya andiko asiloonyeshwa.

Ndiyo maana nautazama kwa heshima mfano wa Wikipedia. Chombo chake kiitwacho AbuseFilter, kilichoanza kutumika katika toleo la Kiingereza mwaka 2009, huandika daftarini kila mara kanuni inaponasa kitu: saa, mhariri, ukurasa, namba ya kanuni na hatua iliyochukuliwa. Hata hariri iliyokataliwa, maneno yake hubaki daftarini. Tena kanuni mpya inaweza kuachwa iandike tu bila kumzuia mtu, mpaka wasimamizi waone inanasa nini.

Tuseme kanuni ya malaya imewekwa hivyo kwa wiki moja, na daftari lina mistari 10. Msimamizi anaisoma: 8 ni Himalaya, 2 ni matusi. Kanuni haijastahili kupewa ruhusa ya kuficha. Anaongeza mpaka wa neno na viambishi vya umalaya na kimalaya, kisha anaijaribu tena kwa mistari ileile 10. Sasa inanasa 2 tu, zote halali. Bila daftari, wale 8 wangenyamazishwa, na msimamizi angeamini kuwa kazi inakwenda vizuri kwa sababu matusi yamepungua.

Daftari nalo lina masharti yake. Msimamizi anayelirudisha andiko lililofichwa aongeze mstari mpya wenye jina lake na sababu, asiufute ule wa kwanza. Sisi walimu tulikata kosa kwa wino mwekundu ili lionekane bado. Kwa kuwa limejaa matusi na majina ya watu, lisomwe na wachache, na mistari ya zamani ifutwe baada ya muda uliotangazwa. Pia tukumbuke kwamba linaonyesha kilichonaswa tu. Tusi lililopenya halimo. Hilo litajulikana kwa malalamiko ya aliyetukanwa, naye apewe mahali pa kuyapeleka.

Basi anayetuletea chujio la Kiswahili asituambie limeficha maandiko mangapi. Atufungulie daftari, atuonyeshe kwa kila kanuni ni mangapi yaliyorudishwa. Kanuni ambayo maandiko yake mengi hurudishwa inawafunga wasio na hatia. Na ile ambayo hakuna linalorudishwa, tuulize kwanza kama yupo anayelisoma daftari.