Posho haistaafu na mfanyakazi

Wafanyabiashara wengi wa mipakani sasa wana waajiriwa upande wa pili. Mwenye ghala la nafaka Mutukula ana karani Tanzania na mwingine Uganda. Msafirishaji wa Rusumo ana madereva wa pande zote mbili za daraja. Anapopanga malipo, kwa kawaida anauliza jumla: kwa mwezi nimpe kiasi gani? Swali linalofuata, kwamba jumla hiyo igawanywe vipi kati ya mshahara wa msingi na posho, huachiwa mhasibu. Mimi naona ndilo swali linaloamua mfanyakazi atakula nini akifikisha miaka 60.

Mshahara wa msingi ni malipo ya kazi yenyewe. Posho ya nyumba na ya usafiri ni nyongeza zenye jina la matumizi. Mfanyakazi anapopokea fedha mkononi haoni tofauti, kwa sababu noti ni zilezile. Mfuko wa pensheni unaiona, kwa kuwa mchango ni asilimia ya kiasi kinachoitwa mshahara unaochangiwa, na kila nchi imekipa kiasi hicho maana yake.

Tuchukue karani wa Tanzania anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa sekta binafsi, NSSF hutakiwa kupata asilimia 20 ya malipo yake ya fedha, kwa kawaida nusu kutoka kwa mwajiri na nusu kutoka kwa mfanyakazi. Mchango ni 120,000. Sasa mwajiri anaandika mkataba unaosema mshahara wa msingi ni 300,000, posho ya nyumba 200,000 na ya usafiri 100,000, kisha anapeleka NSSF asilimia 20 ya ule wa msingi pekee. Mchango unashuka hadi 60,000. Mwajiri ameokoa 30,000 kila mwezi.

Karani naye hulalamika mara chache, kwa sababu makato yake yamepungua kwa 30,000. Lakini hata hizo hazipati zote. Kodi ya mapato hukatwa baada ya kuondoa mchango wa pensheni, na posho za fedha nazo hutozwa kodi. Kipato chake kinachotozwa kodi kimepanda kutoka 540,000 hadi 570,000, na katika ngazi hiyo kila shilingi inayoongezeka hukatwa asilimia 20. Serikali inachukua 6,000, yeye anabaki na 24,000 za ziada.

Kwa hizo 24,000 ameuza nini? Kikokotoo cha Tanzania huchukua idadi ya miezi aliyochangia, hugawanya kwa 580, kisha huzidisha kwa wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Tuseme amechangia miezi 240, yaani miaka 20, na mshahara haukubadilika. Kwa mshahara wa 600,000, pensheni kamili kabla ya kutoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo ni takriban 248,000 kwa mwezi. Kwa 300,000, ni takriban 124,000. Ni mtu yuleyule, kazi ileile na miaka ileile, lakini nusu ya pensheni imepotea. Mkupuo nao unapungua kwa uwiano huohuo, kwa kuwa hutokana na hesabu hiyohiyo.

Hapa ndipo ubaya wa mtindo huu unapojificha. Hasara haionekani mwezi huu wala mwakani. Inakuja mara moja, wakati mwajiri wa zamani pengine amefunga duka na mstaafu hana wa kumdai.

Si kila posho ni ujanja. Dereva anayepewa fedha ya mafuta, ya kulala njiani na ya ushuru wa maegesho, akirudi na risiti, anarudishiwa gharama za kazi, na fedha hiyo si kipato chake. Kipimo changu ni rahisi. Kama kiasi ni kilekile kila mwezi, hakidaiwi risiti, na dereva hukipata hata gari likiwa gereji, basi huo ni mshahara uliovishwa jina jingine.

Sheria zenyewe zinachangia mkanganyiko. Hapo hapo Tanzania, mtumishi wa umma aliye PSSSF huchangiwa kwa mshahara wa msingi tu, asilimia 5 kutoka kwake na 15 kutoka kwa serikali. Mwajiri binafsi akiona kwa jirani yake mtumishi posho haziguswi, anadhani na yeye ndivyo. Uganda, NSSF ya huko hutoza asilimia 15 ya malipo ya jumla, mfanyakazi 5 na mwajiri 10. Kenya ni asilimia 6 kwa kila upande, lakini kuna kikomo cha juu cha mshahara unaochangiwa, ambacho Februari 2025 kilipanda hadi shilingi 72,000 za Kenya. Kwa anayelipwa mshahara wa msingi unaovuka kikomo, kugawa malipo hakubadilishi mchango. Mgawanyo unamuumiza wa kipato cha chini, ambaye kila shilingi yake bado inahesabiwa.

Rwanda imechukua njia ninayoiona sahihi. Hadi mwisho wa 2024 mchango wa pensheni ulikuwa asilimia 6 kwa pande zote mbili, na posho ya usafiri haikuhesabiwa. Tangu Januari 2025 ni asilimia 12, nusu kwa nusu, na posho ya usafiri imeingizwa. Kwa mfanyakazi wa faranga 200,000, ambapo 30,000 ni za usafiri, mchango ulikuwa 10,200 na sasa ni 24,000. Waajiri walishtuka, na ni haki yao, kwa kuwa gharama imepanda kweli. Ila katika nyongeza hiyo ya 13,800, kuingizwa kwa posho kumeleta 3,600 tu. Kubwa ni kiwango chenyewe. Faida ya kuiingiza posho ni kwamba sasa hakuna sababu ya kuikuza ili kukwepa mchango.

Kwa mfanyabiashara anayesoma haya, ushauri wangu ni kupanga gharama kabla ya kuajiri. Kama uwezo wako kwa karani wa Tanzania ni 660,000 kwa mwezi, mpe 600,000 na utenge 60,000 za mchango wako, kuliko kuahidi jumla kubwa kisha kutafuta pa kuipunguza. Kumbuka pia kwamba taarifa ya kodi unayopeleka TRA inaonyesha malipo yote. Mkaguzi wa NSSF akiilinganisha na ulichochangia, pengo litaonekana, na utadaiwa malimbikizo pamoja na adhabu.

Mfanyakazi naye ana njia ya kujua. Achukue taarifa yake ya michango NSSF na agawanye mchango wa mwezi kwa 0.20. Ikisoma 60,000, jibu ni 300,000, na huo ndio mshahara ambao mfuko unamjua nao. Kama analipwa zaidi, aulize sasa, angali kazini.

Serikali zetu zinajadili kila mara ushuru na vibali vya kazi. Ziongeze katika orodha hiyo maana moja ya mshahara unaochangiwa, ili anayevuka mpaka kwenda kazini asikute pensheni yake imepungua kwa sababu ya neno lililoandikwa katika mkataba.