Simama ku tatu: wimbo wa makofi wa kuhesabu

Juma hili nawaletea wimbo mfupi wa makofi kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Kwanza lakini nataka niungame kosa langu, kwa sababu wimbo ulitoka ku kosa hilo.

Binti yangu ana miaka 4. Lupango lote lilikuwa linamsifu: anahesabu moya mpaka kumi bila kusimama, na ku materneli wamemfundisha hata kwa Kifaransa. Siku moja nilimtuma ku meza ya jirani, mbele ya mlango wetu: «Niletee vitunguu vitatu, nitalipa mimi.» Alirudi na vitano, vimejaa mikononi. Nikamrudisha. Akaja na viwili. Nilimkemea mbele ya watu, nikasema anafanya makusudi, kwa sababu kila mtu anajua huyu mtoto anajua kuhesabu. Alilia mpaka akalala bila bukari.

Kumbe hakuwa anajua. Alikuwa anajua kutaja, na kutaja si kuhesabu. «Moya, mbili, tatu, ine» kwake ilikuwa kama maneno ya wimbo wowote: yanafuatana vizuri, lakini hayajashika kitu. Mtaalamu mmoja wa Amerika, Karen Wynn, alionyesha jambo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1990 na 1992. Aliwaomba watoto wa miaka 2 na 3 wampe idadi fulani ya vitu vya kuchezea. Wengi waliojua kutaja namba walichota tu mkono mzima. Aliona pia kwamba watoto hupanda kwa ngazi. Kwanza mtoto anajua kutoa kimoja. Baada ya miezi anajua viwili, halafu vitatu. Baadaye ndipo anafunguka na kuelewa namba zote anazoweza kutaja.

Kwa hiyo, kabla ya kuimba, tafuta mtoto wako yuko ngazi gani. Weka punje 10 za mahindi ku sahani. Usiseme «hesabu». Sema tu: «Nipe moya.» Zirudishe, halafu: «Nipe mbili.» Zirudishe tena: «Nipe tatu.» Rudia siku mbili, maana mara moja inaweza kuwa bahati. Binti yangu alitoa moya vizuri, akatoa mbili vizuri, lakini ku tatu alinimwagia tano, na kesho yake ine. Basi ngazi yake ilikuwa mbili, na wimbo wetu ulipaswa kusimama ku tatu, namba moja tu mbele ya ile anayoijua. Mimi nilikuwa ninamsukuma mpaka kumi.

Wimbo wenyewe ni huu. Mwitaji ni mama au yaya mkubwa.

Mwitaji: Mama alienda wapi?
Batoto: Ku soko! Ku soko!
Mwitaji: Alileta nini?
Batoto: Maembe! Maembe!
Mwitaji: Tuhesabu!
Batoto: Moya!
Mwitaji: Iko ngapi?
Batoto: Iko moya!

Mnarudia tangu mwanzo. Mara ya pili, baada ya «Tuhesabu!», batoto wanasema «Moya! Mbili!», na jibu la mwisho ni «Iko mbili!» Mara ya tatu: «Moya! Mbili! Tatu!», na jibu ni «Iko tatu!» Hapo mnasimama. Mkitaka kuendelea, badilisheni kitu: maembe yawe mayai, au vikombe, au chochote mtoto anachokiona mbele yake.

Sasa mikono. Watoto wawili wanasimama wakitazamana. Mwitaji anapouliza, kila mmoja anapiga makofi yake mwenyewe polepole. Namba zinapoanza, viganja vyao vinakutana katikati: namba moja, kofi moja. Ku jibu la mwisho, «Iko tatu!», hakuna kofi. Mikono inapanda juu na vidole vitatu vinaonekana.

Msilisahau hilo la mwisho. Tulipoanza, sisi tulipiga kofi hata ku «Iko tatu!», kwa sababu ilikuwa tamu. Lakini mtoto alikuwa anasikia makofi mane na mdomo unasema tatu. Namba tatu za kwanza zinahesabu embe moja moja. Neno la mwisho halihesabu embe lingine, linasema yote pamoja. Mikono ikikaa kimya hapo, mtoto anasikia tofauti hiyo bila mtu kumweleza.

Kosa la pili lilikuwa la kwake. Alipiga kofi ku kila kipande cha neno: mo-ya, makofi mawili, mbi-li, makofi mawili, ta-tu, makofi mawili. Maembe matatu yakawa na makofi sita. Nilimwambia «moja tu, moja tu», hakuelewa. Aliyemsaidia ni nkambo yake, aliyekuwa anatwanga sombe pembeni. Alimwita, akamshikisha mchi pamoja naye, akamwambia: «Mwana, mchi unaanguka ku MO, unapanda ku ya. Unaanguka ku MBI, unapanda ku li. Kinu kinalia mara moja.» Walitwanga hivyo, MO-ya, MBI-li, TA-tu, na aliporudi ku makofi mikono yake ilikuwa imetulia. Mwendo wa mchi ndio mwendo mzuri wa wimbo huu. Ukienda haraka zaidi, mdomo wa mtoto unakimbia na kuacha mikono nyuma.

Kosa la tatu ni gumu kuona, kwa sababu linafanana na kujua. Baada ya siku chache binti yangu alikuwa anapiga vizuri na kupaza «Iko tatu!» kwa nguvu. Nilifurahi. Jioni moja nikasimama ku mbili kwa kumjaribu, nikauliza: «Iko ngapi?» Akapaza vilevile: «Iko tatu!» Alikuwa ameshika mwisho wa wimbo, si hesabu.

Tangu siku hiyo mwitaji kwetu haendi tena moya, mbili, tatu kwa mpango. Anashika maembe matatu (yasipokuwapo, mawe) na kila batoto wanapotaja namba anaweka moja chini, palepale kofi linapolia. Anaweza kusimama baada ya moja, au matatu, au mawili. Mkono wake usipoweka tena, hesabu imekwisha, naye anauliza: «Iko ngapi?» Sasa mtoto hawezi kujibu bila kusikiliza na kutazama. Wale wakubwa walicheka kila alipokosea, nikawakataza. Akikosea, mwitaji hasemi «hapana». Anagusa embe moja moja, wote wanataja tena polepole, na swali linarudi.

Tulicheza jioni karibu na mbabula, mizunguko sita au saba tu, kisha nikawaacha waende. Karibu majuma matatu yalipita. Siku moja, nje ya wimbo kabisa, nilimwambia: «Nipe punje tatu.» Alichukua moja, akachukua nyingine, akachukua nyingine, akasimama. Akautazama mkono wake. Halafu akanipa. Ni kule kusimama ndiko nilikokuwa ninangoja. Mtoto asiyejua hasimami. Anachota mpaka mkono ujae.

Nilimjaribu siku mbili zaidi, ndipo tukaongeza ine. Fanyeni hivyo ninyi pia: msiongeze namba kwa sababu juma limeisha, ongezeni kwa sababu mtoto amesimama mwenyewe. Kama kwenu kuna watoto wa ngazi mbalimbali, mtoto mwenye ngazi ndogo acheze mizunguko ya kwanza, na wakubwa waendelee bila yeye.

Mkifika mbele, jihadharini na munane. Namba nyingine zote mpaka kumi, kama tunavyozitamka hapa kwetu, zina vipande viwili, lakini mu-NA-ne ina vitatu, na hata watoto waliozoea hupiga kofi la ziada hapo. Mchi uanguke ku NA tu.

Wamama wengine wataniuliza juu ya Kifaransa, kwa kuwa ku masomo watakihitaji. Wimbo unakubali, lakini mzunguko mmoja uwe na lugha moja. Watoto wetu huchanganya, wanaanza «moya, mbili» na kuishia «trwa, katr», na yule mdogo anashindwa kujua kama «tatu» na «trwa» ni maembe yaleyale. Ashike kwanza kwa lugha anayoota nayo, halafu mwimbe upya kwa ile nyingine na maembe yaleyale.

Wimbo huu haufundishi kuandika namba, na hautibu kila kitu. Mtoto wa miaka 5 ambaye baada ya majuma mengi bado anachota mkono mzima ukimwomba mbili, zungumza na mwalimu wake. Na mtoto anayejibu kila mara akiwa amechelewa, huku macho yake yako ku mikono ya wenzake, mwite jina ukiwa nyuma yake, kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka mara kadhaa, mpeleke ku kituo cha afya wamtazame masikio. Asiyesikia mwito hawezi kuitikia.

Juma lililopita nilimtuma tena ku meza ileile: vitunguu vitatu. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Alimnyooshea jirani kiganja, naye akawa anaweka kimoja kimoja, na midomo ya binti yangu ilikuwa inatembea. Jirani alitaka kumwongezea kimoja cha zawadi. Akafunga mkono.

«Mama alisema tatu,» akasema.

Hicho cha nne nilikifuata mwenyewe, nikamshukuru jirani. Na njiani kurudi nilimwomba mwanangu msamaha kwa siku ile.